Sauti Aliyoikosa Mama wa Maskati

Tunataka kuwasimulia kosa tulilolifanya sisi walimu wenyewe, hapa kwetu Mbagala, siku ya mashindano ya tajwidi.

Siku ile tulirusha mashindano mubashara kwa mara ya kwanza. Tulikuwa na maiki mbili, miksa, spika za kukodi na laptopu yenye programu ya OBS. Mwenzetu mmoja alikaa kwenye miksa, hedifoni masikioni, akatuonyesha dole gumba kuwa sauti ni safi. Na kweli kwake ilikuwa safi. Kijana wetu mmoja, ambaye mama yake anafanya kazi Maskati, alipanda jukwaani akasoma vizuri mno. Alipomaliza tukakuta ujumbe wa mama yake kwenye simu: "Ustadhi, mbona mwanangu anakwaruza kama redio mbovu? Sikusikia hata aya moja."

Tulichokosea ni mahali pa kusikilizia. Hedifoni iliyochomekwa kwenye miksa inakupa sauti ya miksa tu, wala haikuambii kinachotokea baada ya waya kuingia kwenye laptopu. Sisi tulikuwa tumetoa sauti kubwa ya miksa, ile inayopelekwa kwenye spika, tukaichomeka kwenye tundu la maiki la laptopu. Tundu lile limetengenezwa kwa sauti ndogo sana ya maiki. Ukilimiminia sauti ya miksa linazidiwa, na vilele vya sauti vinakatika. Hapo "sini" na "shini" zinakuwa kitu kimoja, sasa tajwidi utaipima wapi?

Mbaya zaidi, tulipoona inakwaruza tulikimbilia kushusha sauti ndani ya OBS. Kipimo kikashuka kutoka rangi nyekundu hadi kijani, nasi tukashukuru, kumbe mkwaruzo ulikuwa bado uleule, ila mdogo. Ukishusha sauti kwenye kompyuta na mkwaruzo haukuondoka, jua imeharibika kabla ya kufika hapo. Rudi nyuma kwenye miksa.

Mwaka uliofuata hatukutoa tena sauti kwenye njia ya spika. Tuliitoa kwenye njia ya pembeni ya miksa, ile iliyoandikwa AUX, ambayo ina vitufe vyake vya kuzungusha. Tukaanzia sifuri, tukapandisha polepole, na waliokaa ukumbini hawakupungukiwa kitu. Hedifoni tukaihamishia kwenye laptopu. Ndani ya OBS, kwenye Advanced Audio Properties, tuliweka Monitor and Output ili tusikie kile kinachokwenda kwa watazamaji. Chini ya maneno hayo, au juu yake, kuna mengine yanayofanana nayo: Monitor Only (mute output). Ukichagua hayo, wewe unasikia raha mustarehe, na mtazamaji hapati kitu! Usome kwa makini kabla ya kubonyeza.

Kisha tukajaribu sauti. Zamani tulikuwa tukisema "haloo, moja, mbili," na kutosheka. Lakini msomaji haanzi kama anavyomalizia. Anaanza chini, na akifika katikati anapandisha sauti mara dufu. Basi tulimwomba kijana yule asome ile sehemu anayopandisha sauti kuliko zote, akiwa amesimama na maiki kama atakavyosimama jukwaani. Kipimo kikagonga 0, ambayo ndiyo dari. Tukapunguza AUX mpaka kilele chake kikawa karibu na -9, na usomaji wake wa kawaida ukacheza kwenye -20 hivi. Nafasi iliyobaki juu tuliiacha makusudi, maana mtoto akiwa mbele ya watu huongeza sauti bila kujijua.

Hedifoni nayo iwe ile inayofunika sikio zima. Tukiwa karibu na spika za ukumbi, vile vidogo vya simu vilitudanganya, tukadhani tunasikia laptopu kumbe tunasikia spika. Utasikia pia sauti ya hedifoni inachelewa kidogo nyuma ya msomaji. Hilo ni la kawaida, ila usimpe msomaji hedifoni hiyo, atababaika.

Mwisho tulirekodi dakika moja tukaisikiliza nje, chini ya mwembe, mbali na ukumbi. Hapo ndipo tukasikia feni ikivuma karibu na maiki, tukaizima. Tukasikia na jogoo wa jirani. Huyo hatukuwa na la kumfanya.

Jioni mama wa Maskati aliandika: "Nimemsikia mwanangu, hata alipovuta pumzi. Ila huyo jogoo ni wa nani?"