Shilingi Elfu Kumi na Nane: Kuhusu Ripoti kwa Wafadhili

Tamasha linapokwisha, viti vikarudishwa na mabango yakakunjwa, kazi ya katibu huwa ndiyo kwanza inaanza. Wanafunzi wengi walioongoza vyama vya Kiswahili wanaijua barua ya kuomba ufadhili. Wameiandika mara nyingi, kwa lugha ya adabu iliyojaa taadhima. Ripoti ya baadaye aghalabu huandikwa kwa haraka, au isiandikwe kabisa. Mwaka unaofuata, katibu mpya huenda katika afisi ileile ya Nakuru akaulizwa kwa upole, "Ile ya mwaka jana iliendaje?" Naye hana la kujibu.

Achukuliwe, kwa mfano, katibu mmoja wa chama cha wanafunzi huko Njoro, ambaye chama chake kimeandaa siku ya kughani mashairi na kutuza insha kwa shule za sekondari. Shule 12 zimealikwa kutoka Njoro, Molo, Elburgon, Rongai na Gilgil. Chama cha akiba na mikopo kimetoa shilingi 80,000 za usafiri wa wanafunzi. Duka la vitabu limetoa vitabu vya zawadi. Chakula kinalipiwa na ada ya shilingi 2,000 kutoka kwa kila shule. Katika barua ya maombi, chama kiliahidi wanafunzi 400.

Siku yenyewe mvua inanyesha tangu alfajiri, na shule mbili hazifiki. Jioni, mshereheshaji anatangaza kwa furaha kwamba waliohudhuria ni "zaidi ya mia nne". Mpishi anasema amepakua sahani 310. Daftari la usajili mlangoni lina majina ya wanafunzi 263. Katibu anazo idadi tatu za siku moja, na ile inayopendeza zaidi ndiyo isiyo na ushahidi wowote.

Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika, wala si kwa sababu waandishi wake ni waongo. Idadi ya mshereheshaji ilitamkwa mbele ya watu, ikapigiwa makofi, ikazoeleka. Katibu mwenye subira hulinganisha daftari na sahani. Waliokula ni wanafunzi 263, walimu 20, madereva 7 na wanachama 20 waliohudumu: jumla 310. Hesabu mbili zilizochukuliwa na watu tofauti, mahali tofauti, zimekutana. Basi ripoti inasema kwamba walitarajiwa wanafunzi 400, wakafika 263 kutoka shule 10, na inaeleza sababu kwa sentensi moja. Mfadhili anayesoma sentensi hiyo huanza kuziamini zile zinazofuata.

Mfano mkubwa wa hesabu inayoweza kukaguliwa uko katika eneo hilihili. Tangu mwaka 1989, mashindano ya magari ya Rhino Charge yamekuwa yakichangisha fedha za uhifadhi kupitia shirika la Rhino Ark. Fedha hizo zilisaidia kujenga uzio wa umeme kuizunguka milima ya Nyandarua, takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Baadaye ukaja uzio wa kilomita 43 hivi kuuzunguka msitu wa Eburu, juu ya Naivasha, uliokamilika mwaka 2014. Mchangiaji anapoambiwa kilomita, anaweza kwenda akauona mlingoti. Hata hivyo, kilomita ya uzio haisemi yote. Haimwelezi mtu hali ya miti iliyo ndani. Vivyo hivyo, wanafunzi 263 ni waliofika, si waliojifunza. Ripoti ya katibu haina budi kuitambua tofauti hiyo, na isidai kwamba asubuhi moja ya kughani imekuza Kiswahili katika kaunti nzima.

Jambo zito zaidi ni la fedha. Kwa kuwa shule mbili hazikufika, mabasi yaliyolipwa yaligharimu shilingi 62,000. Zimebaki shilingi 18,000 za usafiri. Upande wa chakula mambo ni kinyume: mpishi alikwisha kununua mahindi, maharagwe na majani ya chai ya watu 400, na gharama ni shilingi 28,500, ilhali ada ya shule 10 ni shilingi 20,000 tu. Pana nakisi ya shilingi 8,500, na mpishi anadai.

Njia nyepesi inajulikana. Fedha za usafiri zingelipa githeri, kisha jedwali likaandikwa kwa mafungu makubwa, "usafiri na mapokezi", hata pengo lisionekane. Wala hakuna aliyekula fedha mfukoni. Lakini shilingi 80,000 zilitolewa kwa kusudi lililotajwa katika barua, na aliyezitoa huenda alizitetea mbele ya kamati yake kwa kusudi hilohilo. Kuzihamisha bila idhini yake ni kumfanya awe shahidi wa jambo asilolijua. Katibu anaandika mambo mawili mbalimbali: baki ya usafiri shilingi 18,000, nakisi ya chakula shilingi 8,500. Chini yake anauliza iwapo mfadhili angependa baki irudishwe, au iruhusiwe kuziba nakisi na kinachosalia, shilingi 9,500, kihifadhiwe. Stakabadhi za mabasi zinaambatishwa kwa nakala. Mpishi anaombwa asubiri wiki mbili, jambo lisilompendeza hata kidogo.

Vitabu navyo huthaminiwa kwa bei iliyo kwenye ankara ya duka lenyewe. Makisio ya chama hayana nafasi hapo. Viandikwe kando na fedha taslimu, vinginevyo jumla ya mapato itaonekana kubwa kuliko fedha zilizopita mkononi mwa mweka hazina.

Picha zisiwe arobaini. Nne zinatosha, kila moja ikionyesha kitu cha mfadhili kikitumika: basi likishusha wanafunzi, mshindi akipokea kitabu. Bango lenye jina la kampuni likiwa limening'inia mbele ya viti vitupu ni aibu kwa pande zote mbili. Na hao walio pichani wengi ni watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na mwaka 2023 shule moja huko Uthiru ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Fomu za ridhaa, basi, hutumwa shuleni pamoja na mwaliko. Asiyekuwa na fomu hupigwa picha kutoka nyuma, na ukweli ni kwamba picha ya umati unaomsikiliza mghani hupendeza zaidi ikipigwa kutoka huko.

Limebaki ombi. Wengi huliweka katika aya ya kwanza, likavigeuza vyote vinavyofuata kuwa chambo. Mahali pake ni mwisho, baada ya jedwali, nalo liwe fupi. Katibu wa Njoro anaandika hivi: "Chama kinanuia kuandaa siku kama hii mwaka ujao, kwa wanafunzi 280, idadi inayotokana na mahudhurio ya safari hii. Iwapo mtaona inafaa kushirikiana nasi tena, tutafurahi kuja kuwaeleza makadirio yake. Iwapo mwaka huo hautawafaa, shukrani zetu ni zilezile."

Ripoti ina kurasa tatu. Anaipeleka mwenyewe mjini kwa matatu siku ya kumi baada ya tamasha, anaomba itiwe muhuri wa kupokelewa, na kabla ya kuondoka anaacha nambari ya simu ya mweka hazina, maana swali la shilingi 18,000 linahitaji kujibiwa kabla mpishi hajarudi.