Kaunta ya Mathe na Ile Namba ya 1.618

Leo nataka kuwapa mhadhara ambao mimi mwenyewe nilipaswa kuupata nikiwa fresha, kabla sijamharibia mamangu jikoni.

Ilikuwa hivi. Mimi nasomea usanifu majengo, niko mwaka wa tatu. Nikiwa mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani Timboroa Disemba, nikapata mathe ameweka pesa kando ya kutengeneza jiko upya. Timboroa ni baridi, jamani. Stesheni yetu ya reli iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo huku watu wanaishi jikoni. Mathe akaniambia, "Wewe si ndiye mjuzi wa nyumba sasa? Chora." Nikachora. Kaunta nikaweka sentimita 90, kwa sababu hiyo ndiyo namba ya kawaida kwenye vitabu vya vipimo. Fundi akamwaga simiti, akaweka taili, tukapiga picha.

Mwaka uliofuata nikirudi naona kikreti cha soda mbele ya jiko la gesi. Nikauliza ni cha nini. Mathe akasema, "Hicho ni cha kupandia nikisonga ugali." Miezi kumi na mbili mamangu alikuwa anapanda kreti kila jioni, mbele ya maji yanayochemka, na bega linamuuma, na hakusema kitu kwa sababu kaunta ilichorwa na mtoto wake. Siku moja kreti lilikuwa limeteleza. Alishika ukingo wa sinki. Angeshika sufuria, saa hii ningekuwa naandika mambo mengine.

Sasa likizo hii vijana watatu wa hapa kwetu wameitwa chuo, kozi hiyohiyo. Wakaniomba niwaeleze mambo ya uwiano, kwa sababu wameona video nyingi za "namba ya siri ya urembo". Nikawaambia sawa, darasa liko jikoni kwa mathe. Leteni uzi na futi ya fundi.

Tukaanza na uzi. Kata uzi wa sentimita 100, halafu ugawe mara mbili, lakini si katikati. Unatafuta mahali ambapo uzi mzima ukilinganishwa na kipande kikubwa ni sawa na kipande kikubwa kikilinganishwa na kile kidogo. Mahali ni pamoja tu, karibu 61.8. Chukua 100 ugawe kwa 61.8, unapata 1.618. Chukua 61.8 ugawe kwa 38.2, unapata 1.618 tena. Huo ndio mgawo wa dhahabu. Euklidi aliueleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kama jambo la jiometri. Hakusema ni kanuni ya urembo. Hadithi ya kwamba namba hii ndiyo inafanya mwili na majengo yapendeze ilishika moto sana karne ya 19, hasa baada ya Mjerumani Adolf Zeising kuandika juu yake mwaka 1854.

Hapo mmoja wa mafresha akatoa simu, akanionyesha picha ya hekalu la Parthenoni, Ugiriki, limechorewa mistari ya dhahabu. "Si hii hapa imetoshea?" Nikamwambia angalia mstari unaanzia wapi. Kwenye ngazi ya chini au ya juu? Na kule juu unaishia kwenye ncha ya paa ambayo imeshabomoka? Mwenye kuchora alichagua mwanzo na mwisho baada ya kujua jibu analotaka. Tukapiga picha mlango wa choo cha nje, tukaanza kuhamisha mistari. Dakika tano, choo kikawa cha dhahabu. Kwa hivyo ukitaka kujua kama uwiano upo kweli kwenye jengo, amua kwanza utapima kutoka wapi mpaka wapi, ndiyo upime. Na kumbuka jicho lako haliwezi kutenganisha 1.618 na 8 kwa 5, ambayo ni 1.6.

Lakini namba yenyewe ina kazi moja nzuri sana. Inakupa ngazi. Ukianza na kipimo kimoja na kuendelea kugawa kwa 1.618, unapata vipimo vinavyojumlishika: viwili vidogo vinatengeneza kinachofuata. Hii ndiyo iliyomvutia Le Corbusier, msanifu aliyefanya kazi zake nyingi Ufaransa. Alitaka ngazi hiyo ianze na mwili wa mtu. Kitabu chake kuhusu mfumo huo kinaitwa Modulor.

Ngazi yenyewe ni hii. Mtu ana urefu wa sentimita 183. Gawa kwa 1.618, unapata 113, mahali pa kitovu. Gawa tena, 70. Tena, 43, kimo cha kuketi. Halafu zidisha kitovu mara mbili, unapata 226, mahali ambapo mkono ulioinuliwa unafika. Gawa 226 nayo: 140, kisha 86, mahali kiganja kinaegemea ukiwa umesimama. Jengo lake la makazi kule Marseille, lililomalizika 1952, limetumia hizi. Dari za chini ziko 226. Upana wa nyumba ni 366, yaani 183 mara mbili. Hapa mafresha walinyamaza kidogo, na hata mimi bado naona ni fikra tamu. Nyumba nzima kutoka kwa mwili mmoja.

Swali ni mwili wa nani.

Mwanzoni mtu wake alikuwa na sentimita 175. Alibadilisha kuwa 183, ambayo ni futi sita, kwa sababu hesabu zilikuwa zinakataa kukaa vizuri kwenye futi na inchi. Na sababu nyingine iliyotolewa, naapa sitanii, ni kwamba kwenye riwaya za Kiingereza za upelelezi, wanaume wazuri kama polisi huwa na futi sita. Basi polisi wa riwaya akawa kipimo cha jikoni za watu.

Nikamwita mathe. "Mama, simama hapa kidogo tukupime." Akacheka, akavua ndala. Sentimita 155. Tukagawa 155 kwa 183, tukapata kama 0.85. Ile 226 ikashuka mpaka 191, ile 86 ikawa 73. Fresha mmoja akasema haraka, "Basi kaunta iwe 73!" Nikamwambia ngoja, hapo ndipo mimi niliangukia. Nilichukua namba bila kuuliza kazi.

Kwa kazi ya kusimama, kipimo kinachotawala ni kiwiko. Kukata mboga ni kazi nyepesi, meza inafaa iwe kama sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Kazi ya kukandamiza kwa nguvu inataka kushuka zaidi, 15 mpaka 40, ili uzito wa mwili ukusaidie na bega lipumzike. Kiwiko cha mathe kiko 97. Sasa hesabu kosa langu: kaunta 90, jiko la gesi la mezani 10, sufuria ya ugali 18. Mdomo wa sufuria uko 118, sentimita 21 juu ya kiwiko chake. Mkono ulioshika mwiko uko karibu na bega. Hiyo ndiyo kreti ya soda ilikuwa inasema, na mimi sikuwa nasikia.

Jibu lilitoka lenyewe. Kwa kukata, 97 toa 12, ni 85. Kwa ugali, tunataka kitako cha sufuria kiwe kama 27 chini ya kiwiko, yaani 70. Toa 10 ya jiko, kaunta ya hapo iwe 60. Kaunta moja, vimo viwili. Hakuna kitabu kingenipa hiyo 60, kwa sababu aliyeandika vile vitabu hakuwa anafikiria ugali.

Kinachoniuma ni kwamba hata sikuhitaji kwenda Ufaransa kujifunza kupima kwa mwili. Kiswahili kina shibiri, mkono na pima. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ya kidole cha mwisho ukitanua kiganja. Shibiri mbili ni mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Mikono minne ni pima, mikono yote miwili ikinyooshwa. Huo ni mfumo kamili: mbili, kisha nne, na mwili wako ndio futi. Na nyumba za zamani za mawe kule Lamu zina somo lingine. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi, kwa sababu dari zito la mawe na chokaa limebebwa na boriti za mikoko. Ukipita hapo boriti inapinda. Uwiano wa chumba ulitoka kwa mti, na bado watu wanaona vyumba hivyo vinapendeza.

Mifumo hii nayo ina shida. Mkono wangu si mkono wa fundi. Mimi nikisema pima mbili na yeye akate pima mbili zake, dirisha halitaingia. Kwa hivyo kukubaliana na fundi, tumia sentimita. Kuamua hizo sentimita ziwe ngapi, tumia mwili wa mwenye kazi. Tukichanganya hizo mbili ndiyo tunaanza kupandisha wazazi wetu kwenye kreti.

Wiki iliyopita fundi alibomoa sentimita 90 za kaunta upande wa jiko na kushusha mpaka 60. Upande wa sinki tulipunguza mpaka 85. Taili za zamani hazikupona, kwa hivyo sasa kaunta ina rangi mbili, na pesa zimetoka mfukoni mwangu, kama inavyofaa. Jioni ya kwanza mathe alisonga ugali akiwa chini kwa miguu yake. Hakusema mengi. Aligeuza mara ya mwisho, akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, akaniambia, "Hiyo kreti sasa peleka nje kwa kuku."

Mafresha, mkifika chuo mtapewa ile picha ya jamaa ameinua mkono. Ichoreni vizuri, mtatahiniwa. Lakini kabla hamjamaliza, andikeni chini yake jina la mtu atakayetumia hicho chumba, na kiwiko chake kiko wapi. Na wewe unayesoma, leo usiku angalia anayepika kwenu. Mabega yake yako wapi akisonga?