Fungu la Nyanya Halipiti Katika Simu



Juma hili tunapenda kuwasimulia hadithi fupi ya mama mwenye genge la mboga jijini Dar es Salaam na mwanawe wa kiume. Hatuwapi majina, kwa kuwa hadithi tumeitunga wenyewe kutokana na mambo tunayoyaona na kuyasikia tunapopita magengeni. Atakayejiona ndani yake asidhani tumemsema.

Kijana huyo alimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba. Kama mjuavyo, aliyefaulu hungoja hadi Julai ndipo aingie kidato cha tano. Katika miezi hiyo aliona jambo ambalo mama yake alikuwa amelizoea: kila jioni nyanya zilizolainika na mchicha ulionyauka vilitupwa au kugawiwa bure. Mama aliamka saa 10 alfajiri kwenda Soko la Ilala, akanunua kwa kukisia, kisha akakaa kungoja wanunuzi ambao wengi walikuwa wakirudi kazini usiku, genge likiwa limefungwa.

“Mama, hawa watu simu wanazo. Waagize usiku, wewe ununue alfajiri kile walichoagiza,” alisema kijana.

“Mwanangu, nyanya huchaguliwa kwa mkono,” akajibu mama.

Ndugu zetu, mama hakukosea. Gengeni mboga huuzwa kwa fungu, na fungu ni makubaliano ya macho. Mnunuzi huliona, hulipima kwa jicho, huomba aongezewe nyanya moja, nayo biashara huisha kwa amani. Fungu la jana si sawa na fungu la leo, na wote wawili hulijua hilo bila kuambiana. Katika simu macho hayo hayapo. Siku ya tatu tu, mteja aliagiza “vitunguu nusu”. Mama akampelekea nusu kilo, ilhali mteja alikusudia nusu sado, yaani nusu ya lile kopo la rangi la lita 4 ambalo masoko yetu yamelifanya kipimo. Mteja alinuna, na mama alikuwa radhi kuiacha biashara hiyo.

Kijana hakumbembeleza. Walikubaliana kwamba katika simu neno “fungu” lisitumike, isipokuwa kwa mboga za majani ambazo hufungwa kwa kamba. Nyanya, vitunguu na karoti vingetajwa kwa sado, nusu sado au kilo. Hoho, bilinganya na nazi kwa idadi. Tena kila oda irudiwe. Mama, ambaye husoma polepole, alifundishwa kubonyeza alama ya kipaza sauti katika WhatsApp na kusema: “Umeagiza nyanya nusu sado, vitunguu kilo moja, hoho 4. Ni sawa?” Mteja akisema ni sawa, ndipo mama huandika katika daftari lake. Asiyejibu hanunuliwi kitu. Tangu hapo ugomvi wa vipimo ulikoma.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu lilikula fedha kimyakimya. Mwanzoni oda zilipokelewa saa zote, na kila moja ilipelekwa peke yake. Tuchukue oda moja ya shilingi 3,000. Faida ya mama ilikuwa shilingi 600. Mwenye bodaboda alidai 1,500. Simu ililia mchana kutwa, mama akafurahi kwamba kazi imeongezeka, kumbe kila safari ilimtoa shilingi 900 mfukoni. Kijana aligundua hivyo pale tu alipomwomba mama waandike nauli katika daftari lile lile la mauzo, mstari kwa mstari.

Dawa yake ilikuwa saa. Oda hufungwa saa 2 usiku. Saa 3 asubuhi mwenye bodaboda mmoja huzunguka mitaa iliyo karibu kwa safari moja. Siku yenye nyumba 8, mzunguko mzima uligharimu shilingi 6,000. Kila nyumba ilichangia 1,000, zikapatikana 8,000, na zile 2,000 zilizobaki zikanunua mifuko. Nyumba zikipungua 6, michango haitoshi nauli. Hapo mama huwaomba wateja wajifuatie wenyewe gengeni.

Saa hiyo ya usiku ilileta na baraka nyingine. Mama alikwenda Ilala akijua kwamba sado 5 za nyanya na mafungu 11 ya mchicha tayari yana wenyewe. Aliongeza kidogo tu kwa ajili ya wapita njia. Bei nayo ilikuwa na kanuni yake: usiku hutaja bei ya siku ile, na nyanya zikipanda zaidi ya shilingi 500 kwa sado, humpigia mteja akiwa bado sokoni, kabla hajanunua. Mchicha haufungwi katika mfuko wa kubana, maana huchemka kwa joto lake wenyewe. Hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu na hupakiwa juu, si chini ya nazi.

Kuhusu malipo kijana alikuwa mkali. Wako watu hutuma ujumbe uliotungwa ufanane na ule wa kampuni ya simu, kwamba fedha zimeingia. Alimwonyesha mama mambo mawili: ujumbe wa kweli hautoki katika namba ya mtu wa kawaida, na salio lazima liwe limeongezeka. “Usiamini ujumbe, mama, angalia salio,” alimwambia. Mama aliliangalia kila mara mbele yake, hadi vidole vikazoea njia.

Nasi tunapenda kukazia hapo, kwenye vidole. Mara nyingi tumeona vijana wakimnyang’anya mzazi simu na kusema, “Lete nikufanyie.” Kazi hufanyika upesi, naye mzazi hubaki alivyokuwa. Kijana wetu alijua kwamba Julai inakuja na kwamba shule ya bweni haitamruhusu kuwa na simu. Kwa hiyo tangu Mei alikaa pembeni, mikono nyuma. Mama alipokosea alimwuliza, “Ulitaka kwenda wapi?” na kumwacha arudi mwenyewe. Jioni ambazo oda zilichelewa kwa sababu hiyo zilikuwa nyingi, na mama alilalamika kwamba mwanawe amekuwa mvivu.

Julai ilifika, kijana akaenda. Juma la kwanza mama alipokea oda 7 peke yake. Moja ilikuwa ya sado nzima ya nyanya kwa ajili ya shughuli ya Jumapili. Alfajiri hiyo nyanya zilizokuwa Ilala zilinyeshewa safarini, zikawa na madoa ya maji. Mama aliziminya kwa mkono, kama alivyofanya miaka yote, kisha akabonyeza kile kipaza sauti: “Dada, nyanya za leo hazitafika Jumapili. Nunua nusu sado kwa matumizi ya leo, hizo nyingine nitakuletea Jumamosi.”

Mteja alikubali. Hilo kijana hakuwa amelifundisha, na wala hakuwa na uwezo wa kulifundisha. Mama alikuwa sahihi tangu mwanzo kwamba nyanya huchaguliwa kwa mkono. Sasa mkono huo ulikuwa wake, ukichagua kwa ajili ya mtu asiyekuwapo.