Mvua ya jirani yako si mvua yako: kuweka mvua na mwinuko kwenye jedwali la mashamba ya Kiwengwa

Bibi mmoja wa Kiwengwa alinisimamisha njiani akaniuliza: "Mwanangu, hiyo mvua inayomnyeshea jirani yangu, mimi inaniruka?" Baina ya shamba lake na la jirani pana ukuta wa mawe tu. Jirani alikuwa kwenye orodha ya kupata mbegu ya muhogo kwa sababu ya upungufu wa mvua, yeye hakuwemo. Orodha niliitengeneza mimi, kwa kompyuta, na nilikuwa nikijivunia.

Kazi yenyewe ni ya kawaida kwa sisi mabwana shamba wa siku hizi. Una jedwali la mashamba, kila shamba na latitudo na longitudo yake. Pia una rasta, yaani picha iliyogawika vijumba, na kila kijumba kina namba moja: ya mvua, au ya mwinuko. Unataka kompyuta iangalie kila shamba limeangukia kijumba gani, ichukue namba ile na kuiandika kwenye jedwali. Kwenye QGIS unaingiza jedwali kwa `Add Delimited Text Layer`, X ikiwa longitudo na Y latitudo, mfumo `EPSG:4326`. Kisha unafungua `Processing Toolbox`, unatafuta `Sample raster values`, unachagua nukta zako na rasta yako, basi. Dakika tano. Matatizo yako kwenye namba zinazotoka, si kwenye kubonyeza.

Mimi nilikuwa na mashamba 34. Kwa mwinuko nilitumia SRTM, vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga mwezi wa Februari 2000, kila kijumba kama mita 30. Mashamba 11 yakatoka matupu. Sababu ya kwanza nikaipata upesi. Faili za SRTM hukatwa kwa digrii nzima, na mstari wa digrii 6 kusini unapita hapa hapa kwetu Kiwengwa. Mashamba ya kaskazini ya mstari yamo kwenye `S06E039`, ya kusini yake yamo kwenye `S07E039`. Mimi nilipakua moja tu. Nikapakua na ya pili, nikaziunga kwa `Build Virtual Raster`. Hapo ondoa alama kwenye `Place each input file into a separate band`, la sivyo utapata kolamu mbili za mwinuko zenye mapengo badala ya moja kamili.

Baada ya kuunga, mashamba 8 yakajaa. Matatu yakabaki matupu, nami nikayaacha hivyo hivyo, nikisema labda faili ina kasoro. Kosa langu kubwa ndilo hilo, maana matatu yale mvua yalikuwa nayo. Shamba linawezaje kuwa na mvua bila mwinuko? Linaweza, kama faili ya mvua inafunika sehemu kubwa ya dunia na shamba halipo Unguja.

Kifaa cha GPS huonesha `S 05.98700`. Mwandishi wa fomu akaandika 5.987, ile S akaiacha. Kompyuta haijui S, inajua alama ya kutoa tu. Bila alama hiyo shamba la Kiwengwa linahamia kusini mwa Ethiopia. Ubaya ni kwamba kule nako mvua kubwa huanza Machi hadi Mei, kama masika yetu, kwa hiyo namba iliyotoka ilikaa vizuri tu kwenye jedwali na haikunishtua. Ukikosea kwa kubadilisha latitudo na longitudo, utajikuta Hispania, na huko pia mvua inanyesha na namba utapewa.

Mashamba mawili mengine yalikuwa na shida tofauti. Kifaa kilikuwa kwenye mpangilio wa digrii na dakika, kikaonesha `S 05°59.220'`, na mtu akaandika -5.5922. Dakika hugawanywa kwa 60: 59.220 ni 0.987, kwa hiyo ilitakiwa -5.987. Yale mashamba yakaenda baharini, kaskazini ya Nungwi. Mwinuko ukatoka 0, mvua ikatoka -9999, alama ya kusema "hapa hakuna kipimo". Nilikuwa najumlisha miezi mitatu ya masika, nikapata -29997, na nilipopanga orodha kuanzia shamba kavu zaidi, mashamba mawili ya baharini yakaongoza. Siku hizi kabla ya jambo lolote naweka picha ya setilaiti chini ya nukta na kuziangalia kwa macho.

Sasa turudi kwa yule bibi, maana shamba lake halikuwa na kosa hata moja kati ya hayo. Nukta yake ilikuwa sahihi, na ya jirani pia.

Mvua niliichukua CHIRPS, rasta inayotengenezwa kwa kuchanganya picha za setilaiti za mawingu na vipimo vya vituo vya mvua, kuanzia mwaka 1981. Kijumba chake ni digrii 0.05, kama kilomita 5.5 kila upande. Hiyo ni karibu kilomita za mraba 30 zenye namba moja. Na mipaka ya vijumba huangukia kwenye namba zinazogawanyika kwa 0.05, kwa hiyo mstari wa digrii 6 ni mpaka wa vijumba vya mvua pia. Ukuta wa bibi ulikuwa karibu kabisa na mstari huo: jirani upande mmoja, yeye wa pili. Tofauti ya namba zao ilikuwa milimita chache, lakini nilipopanga orodha na kukata katikati, mkato ukapita juu ya ukuta wao. Na wakati huo huo mashamba yaliyo mbali kilomita nne yalikuwa na mvua sawasawa hadi nukta ya mwisho, nami nikaona ni jambo la kawaida.

Kuna njia ya kuliona hili mapema. Fungua `Field Calculator`, tengeneza kolamu mpya ya maandishi, andika:

```
floor("lon"/0.05) || '_' || floor("lat"/0.05)
```

Kila shamba litapata jina la kijumba chake, mfano `787_-120`. Hesabu majina tofauti yako mangapi. Mashamba yangu 34, baada ya kusahihisha yale matano, yalikuwa kwenye vijumba 4 tu. Yaani sikuwa na vipimo 34 vya mvua, nilikuwa na vinne, vimenakiliwa.

Mwinuko nao una mpaka wake. Mawimbi ya SRTM hayafiki chini kila mahali, yanadakwa na minazi na msitu. Kwetu kwenye maweni tofauti ya mita tatu baina ya mashamba mawili inaweza kuwa ni urefu wa miti tu. Inakutenganishia ufukwe na juu maweni, haikwambii maji yatatuama wapi shambani.

Orodha niliiandika upya. Mvua nimeiacha kwenye jedwali, pamoja na kolamu ya kijumba, lakini haipangi tena watu wa shehia moja. Kwa hilo nimetumia kina cha udongo juu ya jiwe, nilichopima mwenyewe kwa nondo. Kwa bibi nondo iligonga jiwe sentimita 14. Kwa jirani, 15.