Ekari, Hekta na Safu ya Mavuno

Nikipewa jedwali la mashamba lililoandikwa kwa ekari, na ripoti inatakiwa kwa hekta, sibadilishi huku nikinakili. Kwanza naandika kila tarakimu kama ilivyo kwenye karatasi. Nikishamaliza, nafungua safu mpya pembeni na kuzigeuza zote kwa kiwango kimoja: ekari 1 ni hekta 0.4047. Kunakili na kukokotoa ni kazi mbili, na ukizichanganya hutajua kosa limeingilia wapi. Nje ya majedwali pia nimeushika utaratibu huu. Mtu akinieleza shida yake, nayapokea maneno yake kama alivyoyasema. Maoni yangu yanasubiri zamu yao.

Safu ya eneo haisumbui sana. Inayoponza watu ni ya mavuno. Chukua kijiji chenye ekari 250 za mahindi, kila ekari ikitoa magunia 8 ya kilo 90, yaani kilo 720. Mavuno yote ni tani 180. Kwa hekta, eneo linapungua na kuwa 101.2, lakini mavuno kwa hekta yanapanda hadi kilo 1,779, kwa sababu hapa tunagawanya kwa 0.4047, hatuzidishi. Tani 180 hazitikisiki. Mahindi yamo ghalani tayari, na kipimo cha shamba hakiongezi wala hakipunguzi hata punje.

Ndiyo maana kila mstari naupima kwa kuzidisha eneo na mavuno. Jibu likija tani 73 hivi badala ya 180, najua eneo limegeuzwa na mavuno yameachwa kwenye ekari. Likija tani 29 na nusu, mtu amezidisha mavuno kwa 0.4047 badala ya kugawanya. Napenda sana kosa la namna hii, linalojitaja lenyewe. Makosa mengi ya maisha hayana ukarimu huo.

Wengine hutumia 0.4 ili kurahisisha. Ukiwa shambani unakadiria, haina neno. Kwenye jedwali, ekari 10,000 zitakuwa hekta 4,000 badala ya 4,047, na hekta hizo 47 zinatosha familia nyingi za wakulima wadogo. Mbaya zaidi ni mistari mingine kutumia 0.4 na mingine 0.4047, kwani hapo hata jumla haitalingana.

Ila usahihi nao una mipaka. Mkulima akisema ana ekari 5, mara nyingi amekadiria kwa macho au kwa hatua. Kuchapa hekta 2.0235 ni kumsingizia vipimo ambavyo hakuvipima. Hesabu naifanya kwa desimali zote, kisha nachapa 2.0, na chini ya jedwali naandika kiwango nilichotumia. Safu ya ekari siifuti. Inabaki kwenye faili, kwa atakayetaka kurudia hesabu yangu kutoka mwanzo.