Aya ya "Kwa Nini Kampuni Yetu": Tuandike Tulichokiona



Wiki hii tunaongelea aya moja tu ya barua ya kazi, ile inayojibu swali "Kwa nini unataka kufanya kazi na sisi?" Hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, kwa hiyo matangazo tunayasoma na barua tunaandika. Lakini ukikusanya barua kumi za vijana wa kambi, hiyo aya utaikuta inafanana kama sare za shule.

Iko moja inazunguka kwenye makundi ya Wasapu, na kila mtu anabadilisha jina la kampuni tu:

"Nimevutiwa sana na kampuni yenu, inayoongoza kwa ubora na uaminifu. Dhamira yenu ya kuleta maisha bora kwa kila familia inalingana na ndoto zangu. Itakuwa heshima kubwa kwangu kuwa sehemu ya timu yenu yenye bidii."

Tuliijaribu hivi. Tuliweka jina la kampuni ya sola, ikakubali. Tukaweka la hospitali, ikakubali. Tukaweka la duka la mbegu, bado ikakubali. Basi ujue hiyo aya haijasema kitu. Yule anayeisoma ofisini maneno ya dhamira anayajua, pengine aliyaandika mwenyewe. Ukimrudishia maneno yake, anajua tu kwamba umefungua ukurasa wao na umeweza kunakili. Anachotafuta ni kingine: huyu mtu anajua kazi yetu inafanana vipi siku ya Jumatatu asubuhi?

Tuchukue mfano wa kweli. Dada mmoja wa kundi letu aliona tangazo la kampuni ya sola ya kulipia kidogo kidogo. Jina la kampuni hatulitaji, kwa sababu barua yake bado iko mezani kwao. Walikuwa wanatafuta afisa wa mauzo na ufuatiliaji wa wateja. Alikuja Jumamosi na tangazo, tukakaa nalo.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kusoma tangazo kwa kalamu mkononi. Tulipigia mstari kila kitenzi. Neno "kuuza" lilikuwepo mara moja. "Kufuatilia malipo", "kutembelea wateja" na "kupunguza wateja waliosimama kulipa" yalirudi mara nne. Kumbe shida ya hiyo kampuni si kuuza. Shida ni pesa inayopaswa kurudi baada ya kuuza.

Kwa nini iwe hivyo? Angalia biashara yenyewe. Mteja anatoa pesa kidogo ya kuanzia, anapewa paneli, betri na taa, halafu analipia siku zake kwa simu. Siku alizolipia zikiisha, mtambo unajifunga na taa hazipati umeme mpaka alipe tena. Lakini ule mtambo kampuni ilishaununua na kuusafirisha. Pesa yake inarudi polepole, mwaka mzima au zaidi. Mteja akisimama mwezi wa nne, kwenye daftari la mauzo anaonekana ni ushindi, lakini kwenye kasha la pesa ni hasara. Ndiyo maana baadhi ya kampuni za namna hii hazimlipi ajenti komisheni yote siku ya kuuza. Nyingine inasubiri kuona kama mteja anaendelea kulipa.

Ukishalijua hilo, unaona mara moja kwa nini "nitauza mitambo mingi sana" ni jibu dhaifu. Mtu anayeuza mingi kwa watu wasioweza kulipa anaiongezea kampuni mzigo.

Kitu cha pili: dada yetu alikwenda kwa wateja. Hakuhitaji ruhusa ya mtu, ni majirani. Aliongea na sita, kila mmoja maswali matatu tu: pesa yako inatoka wapi, taa iliwahi kujifunga, na ilipojifunga ulifanya nini. Wanne kati ya sita hawana pesa ya kila siku. Wanapata wakivuna maharage, au pesa ya chakula ikitoka. Na hiyo pesa ya chakula nayo si ya kuegemea kama zamani, maana mwaka 2023 PAM, ambayo wengine mnaiita WFP, iligawa familia za hapa Uganda kwa makundi, wengine wakapunguziwa na wengine wakatolewa kabisa.

Wawili kati ya hao wanne walikaa gizani zaidi ya wiki mbili. Mmoja ni mama anayelipa shilingi 1,500 kwa siku. Alipouza maharage mwezi wa saba alikuwa na pesa ya kutosha mkononi, lakini alidhani lazima alipe siku moja moja. Angelipia siku 90 kwa mara moja, ingekuwa shilingi 135,000, na taa ingewaka mpaka mwezi wa kumi. Dada alimuuliza ajenti wa hapo senta kama inawezekana, akasema inawezekana kabisa, mfumo unakubali. Hakuna aliyemwambia yule mama.

Hiki ndicho tunachoita kujua. Hakikutoka kwenye ukurasa wa kampuni, na meneja aliyeko mjini pengine hajakisikia bado.

Kitu cha tatu ni kuandika. Hii ndiyo aya aliyotuma:

"Ninaomba kazi hii kwa sababu naona mitambo yenu ikiwaka hapa tunapoishi, na nimeona pia mahali malipo yanapokatika. Niliongea na wateja wenu sita wa mtaa wangu. Wanne hawana kipato cha kila siku: wanapata pesa wakati wa mavuno, au pesa ya chakula inapotoka. Wawili kati yao walikaa zaidi ya wiki mbili bila taa, na hawakujua kwamba mtu anaweza kulipia siku nyingi kwa mara moja. Tangazo lenu linasema afisa atafuatilia wateja baada ya mauzo. Hiyo ndiyo sehemu ninayoitaka: kumuuliza mteja kabla hajasaini pesa yake inatoka miezi gani, na kumtembelea wiki ile anayo, si wiki ambayo mfuko ni mtupu. Naongea Kiswahili, Kinyarwanda na Kinyankole, kwa hiyo nitamweleza kwa lugha anayofanyia hesabu zake."

Ijaribu sasa. Weka jina la hospitali: inakataa. Weka duka la mbegu: inakataa. Hata kampuni nyingine ya sola ingebidi kwanza iwe na wateja kwenye mtaa wake.

Angalieni inavyokwenda. Inaanza na kitu alichokiona mwenyewe, tena kwa hesabu ndogo: sita, wanne, wawili. Halafu inakiunganisha na maneno ya tangazo. Halafu inasema atafanya nini. Sifa hakuna hata moja, lakini ukimaliza kusoma unajua huyu mtu anaiheshimu hiyo kazi, kwa sababu aliipa muda wake.

Sasa, jaribio la kubadilisha jina lina mpaka wake. Linakuonyesha aya tupu, lakini halikuonyeshi aya yenye habari isiyo na kazi. Tuseme unaiandikia M-KOPA. Ukiandika kwamba ilianzia Kenya, na kwamba mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa Vodafone kwenye kazi iliyozaa M-Pesa, hayo ni kweli, na huwezi kuyaweka kwa kampuni nyingine. Lakini aliyeko ofisini anayajua kuliko wewe. Unamhadithia historia ya nyumba yake. Habari hiyo inapata thamani pale tu unapoivusha: kwamba biashara yao ilijengwa juu ya malipo ya simu, na wewe umefanya kazi miaka miwili kwenye kibanda cha pesa za simu, kwa hiyo unajua kwa nini muamala unakwama na mteja anaanza kulalamika. Kila ukiandika habari, jiulize: "Kwa hiyo?" Kama sentensi inayofuata haijibu, ifute.

Kuna vitu dada aliviacha nje, na aliviacha kwa kusudi. Yule ajenti alimnong'oneza kwamba komisheni ya mwezi uliopita ilichelewa. Hilo halikuingia. Mtu alikuambia kwa siri, na barua ikifika ofisini watajua ni nani aliyesema. Pia hakuandika "nyinyi mnawazimia watu taa". Alisema wateja hawakujua njia ya kulipa, ambayo ni kweli ileile, lakini imesemwa kama kazi inayongoja mtu.

Na hakuandika mateso ya safari. Hili tulilijadili sana, maana wengi wetu tunaambiwa tuweke historia yetu ili watuonee huruma. Historia yako ni yako, hatukukatazi. Ila kwenye aya hii swali linawahusu wao na kazi yao. Ukimbizi wake uliingia kwa mlango mwingine: anajua kalenda ya pesa ya kambi kwa sababu anaiishi. Pale haombi huruma. Pale yeye ndiye mwenye ujuzi ambao ofisi haina.

Onyo moja la mwisho. Usiandike wateja sita kama uliongea na wawili. Kwenye mahojiano swali la kwanza litatoka hapo hapo: "Tueleze hao sita." Aya ya sifa haikuletei swali lolote. Hii inakuletea maswali, na lazima uwe na majibu. Ukiwa umeongea na wawili, andika wawili, inatosha.

Hatusemi aya hii inampa mtu kazi. Kuna karatasi, kuna nani anajulikana, kuna nafasi moja na barua mia. Dada bado anasubiri simu. Ila muda ule aliotumia haukupotea hata kidogo: yule mama wa maharage sasa amelipia taa yake mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Mwenye tangazo aje nalo Jumamosi saa nane, palepale. Uje na kalamu ya kupigia mistari vitenzi. Na kabla ya kuja, ongea na mteja mmoja wa hiyo kampuni. Mmoja tu.