Waraka wa wakazi uanze na siku ya gari la taka

Jengo ninaloishi hapa Dar es Salaam lina ghorofa nne na kaya 24. Mapema mwaka huu kamati yetu ya wakazi ilitoa waraka wenye masharti 19 kuhusu maegesho, taka na matumizi ya maeneo ya pamoja. Ulibandikwa ukutani chini ya ngazi, nakala ikatumwa kwenye kundi letu la simu, na kila sharti lilianza na neno moja: marufuku. Marufuku kuweka taka nje ya pipa. Marufuku kuegesha getini. Marufuku kuweka vitu ngazini. Marufuku mikusanyiko uani.

Baada ya wiki mbili hakuna lililobadilika isipokuwa ugomvi. Katibu wa kamati, mzee mstaafu wa ghorofa ya kwanza, akaniita. "Mwanangu, wewe unaandika habari za afya kila wiki. Njoo utusaidie kuwaeleza watu waelewe, maana naona hawataki usafi."

Nilimwamkia, nikakaa, nikamwomba kitu kimoja kabla ya kuandika neno lolote: tupime taka kwanza.

Tulipima kwa ndoo ya lita 20, ile iliyopo kila nyumba. Kwa siku saba kijana wa usafi aliandika idadi ya ndoo zilizoshuka. Ilionekana kwamba kaya moja hujaza ndoo moja kila baada ya siku mbili, yaani wastani wa lita 10 kwa siku. Kaya 24 zinatoa lita 240 kila siku, na hizo ndizo zinazoingia kwenye pipa moja kubwa la magurudumu. Sisi tulikuwa na mapipa mawili. Gari la taka lilikuwa likija Jumamosi tu.

Hapo hesabu inajieleza. Mapipa yakimwagwa Jumamosi asubuhi, Jumatatu asubuhi yamejaa. Kuanzia hapo hadi Jumamosi nyingine, mama aliyeshuka na mfuko wake hana pipa la kuuweka, lakini waraka unamwambia ni marufuku kuuweka nje ya pipa. Angeuweka wapi? Wengine waliuweka kando ya ukuta, wengine waliuacha barazani nje ya mlango. Mtu huvunja sharti lisilotekelezeka hata kama anapenda usafi, na akishalivunja moja, mengine 18 hayamtishi tena.

Suala hili lina upande wa afya ambao waraka wa kwanza haukuugusa. Kwenye joto la Dar es Salaam, nzi wa nyumbani hutoka kwenye yai hadi kuwa nzi kamili anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Taka ikikaa wiki nzima, mayai yaliyotagwa siku ya kwanza yanakaribia kukamilisha safari hiyo hapo hapo pipani. Gari likikosa wiki moja, yanaikamilisha. Kisha nzi hao hutua kwenye pampasi iliyotupwa bila kufungwa na baadaye kwenye sahani ya mtoto, wakibeba vijidudu vya kuharisha miguuni. Taka ikiondolewa mara mbili kwa wiki, funza huondoka nayo kabla hajawa nzi. Kwa hiyo sharti muhimu kuliko yote halimhusu mkazi. Linahusu ratiba ya gari.

Kamati ikazungumza na mzoa taka, wakakubaliana Jumanne na Ijumaa. Pengo refu sasa ni kutoka Ijumaa asubuhi hadi Jumanne asubuhi, siku nne. Siku nne mara lita 240 ni lita 960, sawa na mapipa manne. Tukaongeza la tano kwa ajili ya siku ambayo gari litachelewa, kwa kuwa kuchelewa siku moja ni pipa moja zaidi. Gharama ya mapipa matatu mapya iligawanywa kwa kaya zote, ikalipwa kwa awamu mbili.

Ijumaa ya kwanza gari lilifika saa moja asubuhi, likapiga honi, likaondoka bila taka. Kulikuwa na gari dogo limeegeshwa ndani ya geti, mwenyewe amelala.

Ndipo katibu na mimi tulipoona kwamba masharti ya maegesho na ya taka tuliyoyatenganisha katika kurasa mbili ni jambo moja. Njia yetu ya ndani ina upana wa mita tano. Gari dogo likiegeshwa pembeni linachukua karibu mbili, zinabaki tatu. Lori lenye upana wa mita mbili na nusu linaweza kupenya likienda moja kwa moja, ila letu linatakiwa kukata kona kuingia uani, na kwenye kona haliwezi. Gari la zimamoto nalo lisingeweza. Kwenye waraka wa kwanza sharti hilo lilisomeka kama heshima kwa majirani: usimzibie mwenzako njia. Wenye magari walijibu kwamba hakuna anayelalamika usiku. Ni kweli, usiku hakuna anayelalamika, mpaka usiku ambao mtu anapiga 114 kwa sababu jiko la gesi limelipuka.

Tulihesabu magari kama tulivyohesabu ndoo. Nafasi zilizochorwa ni 16. Kaya zenye gari ni 14, na tano kati ya hizo zina gari la pili, jumla magari 19. Magari matatu hayana mahali hata kama kila mtu ana adabu. Waraka mpya ukasema wazi: kila kaya yenye gari inapata nafasi moja yenye namba, nafasi mbili zinazobaki karibu na ngazi ni za wageni na za dharura, na gari la pili linatafutiwa maegesho ya kulipia nje. Kaya hizo tano hazikufurahi. Baba mmoja alituuliza kwa nini aadhibiwe kwa kununua gari. Katibu alimjibu kwa upole, "Hujaadhibiwa, baba. Tumehesabu tu, na hesabu imekataa."

Tulipofika maeneo ya pamoja nilimwomba katibu tufanye jaribio. Vijana wawili walibeba godoro la futi tatu kwa sita kutoka ghorofa ya nne hadi chini. Ukubwa huo unakaribia wa machela iliyobebwa na watu wawili. Walikwama mara tatu: kwenye pikipiki iliyolazwa chini ya ngazi, kwenye kabati la viatu na kwenye ndoo za maji zilizopangwa barazani ghorofa ya tatu. Kila mkazi aliyesimama kutazama alielewa bila hotuba. Pikipiki ilihamishiwa uani siku hiyo hiyo. Ina petroli, na ngazi ni njia pekee ya kutokea moto ukiwaka.

Ndoo za maji zilihitaji busara zaidi. Kwetu maji ya bomba hukatika, na kumwambia mtu asiweke akiba ni kumwambia asioge. Hata hivyo maji safi yaliyotulia ndiyo anayoyapenda mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, ambayo mwaka 2014 na 2019 ilisumbua sana jiji hili. Mbu huyo hubandika mayai kwenye ukingo wa chombo, juu kidogo ya maji. Ukimwaga maji tu, mayai yanabaki yamekauka na yanaweza kuishi miezi, yakisubiri chombo kijazwe tena. Kwa hiyo sharti jipya halikatazi ndoo. Linasema ndoo zikae ndani ya nyumba, ziwe na mfuniko, na mara moja kwa wiki zisuguliwe ukingo kwa brashi na sabuni kabla ya kujazwa. Wiki moja inatosha, kwa sababu yai likishaanguliwa huchukua takriban siku saba hadi kumi kuwa mbu anayeruka.

Sharti la kukataza mikusanyiko uani lilikuwa limekufa kabla hatujaligusa. Mama wa ghorofa ya pili alifiwa na mumewe, na saa chache baadaye turubai lilikuwa limefungwa uani na viti vimeletwa, mjumbe wa kamati mwenyewe akishika kamba. Nani angemwonyesha mfiwa waraka? Tuliandika upya kwa kutenganisha mambo. Msiba hauombi kibali: magari yanatolewa uani, ila njia ya kutoka getini hadi ngazini inabaki wazi. Sherehe inatolewa taarifa siku saba kabla, haifanyiki usiku wa kuamkia siku ya gari la taka, na muziki unazimwa saa nne usiku.

Waraka mpya una masharti saba. La kwanza nalinakili hapa kwa kuwa mengine yalifuata umbo lake:

"Gari la taka linakuja Jumanne na Ijumaa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Muda huo njia ya ndani iwe wazi, kwa sababu lori haliwezi kukata kona gari likiwa pembeni. Taka zifungwe kwenye mfuko, pampasi zifungwe kwenye mfuko wake. Sindano za insulini ziwekwe kwenye chupa ngumu yenye kizibo na zipelekwe kituo cha afya, zisitupwe pipani, kwa sababu kijana wa usafi hushika mifuko kwa mikono. Pipa likijaa kabla ya siku, usiweke chini, mpigie katibu."

Linataja siku, saa, sababu na mtu wa kupigiwa. Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoipigania, maana inakiri kwamba kamati nayo inaweza kushindwa, na inampa mkazi la kufanya likitokea.

Kuhusu faini tuliandika kidogo. Wengi wetu ni wapangaji, na faini isiyokuwemo kwenye mkataba wa pango ni vigumu kuidai. Kwa wamiliki wa nyumba ndani ya majengo ya pamoja ipo sheria ya mwaka 2008 inayouruhusu umoja wao kuwa na kanuni. Kamati inayotaka faini zenye nguvu ipitie huko na kwenye mikataba, si kwenye karatasi ya ukutani.

Msomaji, kama jengo lenu linaandaa waraka, chunguzeni mambo mawili wiki ya tatu. Jumatatu jioni, siku ya nne ya pengo refu, mifuniko ya mapipa inafungika? Na godoro linashuka kutoka juu hadi chini bila kuguswa na kitu? Kwetu mifuniko inafungika kwenye mapipa manne, na la tano huwa na nafasi. Godoro linapita. Gari la pili la yule baba bado hulala getini baadhi ya usiku, lakini Jumanne na Ijumaa, saa 12 kasoro asubuhi, mlinzi humgongea na hulitoa mwenyewe.